Salamu ya Ramadhani kwa rafiki yako, mwezi ukishaandama

Mimi ni Mkristo, na shoga yangu mkubwa ni Mwislamu. Mwaka wa kwanza wa urafiki wetu nilitaka niwe mtu wa kwanza kumpa salamu za Ramadhani. Nikatazama kalenda ya ukutani, nikaona mfungo unaanza kesho yake, basi alasiri nikamtumia ujumbe mrefu uliojaa furaha. Akajibu kwa upole: "Ahsante shoga yangu, ila mwezi haujaandama bado." Usiku ule haukuonekana, na saumu ikaanza keshokutwa.

Baadaye ndiyo akanieleza. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, hauzidi wala haupungui hapo. Jioni ya tarehe 29 Shaabani watu hutazama angani jua likishazama. Hilali ikionekana, Ramadhani imeingia. Isipoonekana, Shaabani inatimizwa siku 30. Tarehe iliyochapishwa kwenye kalenda ni makadirio tu. Kwa hiyo siku hizi nasubiri tangazo, au nasubiri yeye mwenyewe aseme. Wakati mwingine Waislamu wa mji mmoja huanza siku tofauti, kwa kuwa wengine wanafuata mwandamo wa kwao na wengine wa nchi nyingine. Hapo mimi nafuata anachofuata rafiki yangu, wala simuulizi kwa nini fulani ameanza jana.

Tangazo likitoka, salamu itume usiku uleule, usingoje asubuhi. Siku ya Kiislamu huanza jua linapozama, kwa hiyo Ramadhani inakuwa imeshaingia, na tarawehe ya kwanza husaliwa usiku huo, kabla hata ya saumu ya kwanza.

Maneno yenyewe hayana ugumu. "Ramadhani Mubarak" maana yake ni Ramadhani yenye baraka, na "mfungo mwema" kila mtu anaielewa. "Ramadhani Karim" nayo inasemwa sana, ingawa wapo masheikh wasioipenda, wakisema ukarimu ni wa Mungu, si wa mwezi. Mimi nimebaki na Mubarak. Nilichokiacha kabisa ni kusambaza picha za misikiti zenye dua ndefu za Kiarabu nisizozielewa. Ujumbe wa namna hiyo anaupata kutoka kwa watu wengi, na ukitoka kwangu unakuwa kama nimevaa imani isiyo yangu. Anachotaka kusikia ni sauti yangu mimi.

Kosa langu kubwa halikuwa kwenye salamu yenyewe, lilikuja siku chache baadaye. Mbele ya watu nilimuuliza, "Leo umefunga?" Akanyamaza. Niliumia nilipofahamu sababu: mwanamke akiwa katika hedhi hafungi, na siku hizo atazilipa baada ya Ramadhani. Mgonjwa na msafiri nao wana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Swali langu lilimlazimisha aseme uongo au atoe siri ya mwili wake hadharani. Nilimwomba radhi siku ileile, na tangu hapo sijamuuliza mtu swali hilo. Vivyo hivyo kumwambia mtu, "Utapungua mwili sasa!" Anafunga kwa ajili ya Mola wake, na maneno hayo yanaigeuza ibada yake kuwa mazoezi ya kupunguza uzito.

Mwaka jana nilimwandikia hivi: "Shoga yangu, nimesikia mwezi umeandama. Ramadhani Mubarak kwako, kwa mumeo na wanao. Mungu azipokee saumu na sala zako, na amrehemu mama, najua hii ni Ramadhani yako ya kwanza bila yeye. Mazungumzo yetu ya jioni tuyahamishe, nipigie ukitoka tarawehe, hata kama ni usiku sana." Nilisema "Mungu" kwa sababu ndivyo ninavyoomba mimi, na yeye halimsumbui. Ile sentensi ya simu niliiweka makusudi: karibu na magharibi anaandaa futari, na alfajiri anaamka kula daku, hivyo kumpigia saa zangu za kawaida ningekuwa namchosha.

Katikati ya mwezi huwa namwacha. Likiingia kumi la mwisho namtumia mistari miwili tu, kwa kuwa humo ndimo Waislamu wanautafuta usiku wa Lailatul Qadr, hasa katika mikesha ya witiri kama wa 21, 23 au 27. Mwaka jana nilimwandikia usiku wa kuamkia 23: "Najua unakesha. Usijibu, nakukumbuka tu." Hakujibu mpaka mwezi wa Shawwal ulipoandama nikamtumia "Idd Mubarak". Hapo akanipigia, akaniambia usiku ule alipomwombea mama yake, aliniombea na mimi.