Hatua kumi na tano, kutoka mwembeni hadi ukuta wa jiko

Swali la wiki: "Nikiambiwa nikae nitulie nitafakari, dakika ya tatu haifiki nimeshainuka. Hiyo ya kutembea hufanywaje, na mtu aangalie nini?"

Mimi ni fundi cherehani hapa Ng'ambo, Tabora. Miguu yangu imekanyaga pedali miaka mingi, na nikikaa bila kazi inacheza yenyewe. Njia ninayoifuata ni ya watawa wa Kibudha wa Burma na Thailand, ambao hutenga kijia kilichonyooka cha hatua kama 20 au 30 na kutembea humo kwenda na kurudi. Kwa Kipali, lugha ya vitabu vyao vya dini, wanakiita chankama. Wapo watakaosita kwa sababu ya dini. Mimi huswali Alfajiri kwanza, ndipo natoka uani. Nilichochukua kwao ni zoezi la kutuliza akili tu.

Ufupi wa kijia una maana yake. Ukitembea kuelekea sokoni, akili inafika sokoni kabla ya miguu na kuanza kupatana bei. Kijia kisichokufikisha popote hakiipi pa kutangulia. Changu kina hatua 15, kutoka mwembeni hadi ukuta wa jiko. Nafagia kwanza, maana kokwa moja ya embe ikikuchoma unyayo, asubuhi yote imekwenda na hasira.

Nasimama peku, miguu yote miwili chini, mpaka niusikie uzito wangu ulipolalia. Kisha naanza kwa mwendo wa kawaida. Hapa ndipo watu wasiotulia wanapokosea: wanaanza polepole sana kama walivyoona kwenye picha, wanayumba, wanaudhika na kuacha. Dakika 5 za kwanza tembea unavyotembea siku zote, uangalie jambo moja tu, unyayo unapogusa ardhi. Kushoto, kulia. Macho yawe wazi, yatazame ardhini kama mita mbili mbele. Usiitazame miguu, kwa sababu tunataka kuisikia.

Mwendo ukishapungua wenyewe, igawe hatua mara tatu: kuinua, kupeleka, kuweka. Unaweza kuyasema maneno hayo moyoni, ila yasikuzidi. Siku moja nilijikuta nasema "weka" mguu ungali hewani. Mdomo wa ndani ulikuwa unaimba peke yake na mimi nilikuwa kwenye gauni la mteja. Maneno na mguu vikiachana namna hiyo, acha maneno, rudi kwenye ngozi. Kwangu karibu na mwembe mchanga ni laini na wa baridi, karibu na jiko ardhi imeshindiliwa. Nikivuka pale ardhi inapobadilika bila kujua, najua nilikuwa nimeshaondoka.

Akili hutoroka zaidi kwenye kugeuka. Ukifika mwisho, simama kabisa. Vuta pumzi moja, kisha geuka kwa hatua ndogo tatu au nne, ukiusikia uzito unavyohama kutoka mguu huu kwenda ule, halafu simama tena kabla ya kuondoka. Mimi hujiuliza pale ukutani: ni mguu upi uliofika mwisho? Nikikosa jibu sijilaumu, naanza safari nyingine.

Na ule msukumo wenyewe wa kutaka kukimbia, nao uangalie. Wiki ya harusi moja nilikuwa na magauni sita hayajapigwa pindo. Hatua ya sita, mwili wote ulitaka kurudi kwenye mashine. Nilisimama katikati ya kijia nikautafuta ulipo: ulikuwa kwenye mapaja, na kifuani kama kamba imekazwa. Nilikaa nao pumzi kadhaa bila kubishana nao. Ulipanda, ukakaza, ukalegea nusu. Hiyo nusu ilinitosha kuinua mguu, na magauni niliyakuta palepale nilipoyaacha.

Mwenye kisukari aliyeanza kufa ganzi miguuni asitembee peku, avae viatu, maana anaweza kuumia asijue. Mwenye kizunguzungu atembee kando ya ukuta na asipunguze mwendo sana. Na kama miguu inakutekenya ndani kwa ndani usiku ukishalala, ikipata nafuu ukiinuka tu, hilo si la kutafakari pekee. Nenda kapimwe damu, kwani upungufu wa madini ya chuma huweza kuleta hali hiyo.

Dakika 15 zinatosha kwa kuanzia. Watawa wale hupokezana kutembea na kukaa, na mimi nilikuja kuelewa kwa nini: baada ya kutembea, miguu haina tena neno. Siku hizi nikimaliza nageuza kinu, nakikalia chini ya mwembe dakika 5, mpaka jirani aanze kuwasha mkaa.