Maswali na Majibu: "Darasa Zima Limejipa 4"

Nimewapa wanafunzi rubriki ya insha, yaani jedwali la vigezo na viwango vyake, wajitathmini kabla ya kukusanya. Darasa zima limejipa 4, kiwango cha juu kabisa. Kwa nini watoto wanadanganya?

Hawadanganyi. Ukimpa mtoto jedwali na kumwambia atie alama panapomfaa, atasoma "hoja zimetetewa vizuri", atakumbuka alivyohangaika kuiandika insha ile, na atatia alama kwenye 4. Insha yenyewe hajaitazama tena. Kwa hiyo mwondolee kwanza kazi ya kujipa namba, umpe kazi ya kutafuta.

Chukua kigezo kimoja tu, tuseme kutetea hoja. Kiwango cha 4 kiseme hivi: kila hoja ina sababu, ina mfano mahususi, na ina sentensi inayoonyesha mfano huo unathibitisha nini. Kwenye rubriki, mwanafunzi apige mstari wa bluu chini ya "sababu", wa kijani chini ya "mfano mahususi", na mwekundu chini ya kipande cha mwisho. Kisha arudi kwenye insha yake, aya kwa aya, na kupiga mstari wa rangi ileile chini ya maneno yanayotimiza kila jambo. Asipoyapata, aandike pambizoni kinachokosekana. Ndivyo anavyofundisha Heidi Andrade, mtafiti wa Marekani. Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa darasa la tatu na la nne, na waliosoma insha ya mfano, wakataja vigezo vyake, kisha wakajitathmini kwa rubriki, waliandika vizuri kuliko wenzao.

Tazama aya hii, ya aina ambayo kila mwalimu wa insha anaifahamu: "Kazi ya nyumbani ipunguzwe kwa sababu inawachosha wanafunzi. Wanafunzi wengi hawaipendi kabisa. Hata wazazi wanalalamika. Ni jambo baya sana." Aliyeiandika atajipa 4 bila kusita, maana aya imejaa na ina hisia. Sasa mpe kalamu za rangi. Bluu inapata mahali: "kwa sababu inawachosha". Akifika kwenye kijani atajaribu "wanafunzi wengi hawaipendi". Hapo muulize: mfano huu unamhusu nani, na kilitokea nini? Hakuna mtu na hakuna tukio, kwa hiyo mstari wa kijani unafutwa. Mwekundu nao hauna pa kukaa, kwa kuwa hakuna mfano wa kufafanua. Ameona mwenyewe kwamba aya hii ina sababu peke yake, ambayo kwenye rubriki yako ni 2, na ameona pia ni sentensi zipi aandike. Zinaweza kuwa hizi: "Mwanafunzi aliyepewa kazi za masomo matano jioni moja hulala usiku wa manane, na kesho yake husinzia kipindi cha kwanza. Alichojifunza nyumbani anakilipia kwa kile anachokikosa darasani." Kijani kimepata pake, na chekundu pia.

Zoezi hili lifanye wewe kwanza ubaoni, kwa aya uliyoitunga mwenyewe. Usichukue kazi dhaifu ya mtoto aliyeketi mle ndani, hata ukifuta jina. Wenzake watautambua mwandiko, na kuanzia siku hiyo hakuna atakayekuonyesha udhaifu wake.

Naomba rubriki ya insha inayofaa madarasa yote.

Haipo. Rubriki za madarasa yote hujaa "vizuri sana, vizuri, wastani, hafifu", maneno ambayo mtoto hawezi kuyaonyesha kwa kidole kwenye daftari lake. Leta insha mbili za mfano, moja imara na nyingine dhaifu. Waulize wanafunzi tofauti iko wapi, andika majibu yao ubaoni, ongeza waliyoyaacha, kisha upange viwango kwa maneno yao.

Alama anazojipa mwanafunzi ziingie kwenye alama za mwisho?

Zisiingie. Ukizihesabu umemzawadia anayejipendelea na kumwadhibu mkweli. Wala usizisome mbele ya darasa.

Rubriki yetu ina vigezo vinane na kipindi ni dakika 40. Hatumalizi kamwe.

Vigezo vinane ni vya mwalimu anayesahihisha. Mwanafunzi anayejikagua apewe viwili, na uvichague wewe. Ukimwachia achague, atakimbilia tahajia na nukta, kwa kuwa makosa hayo yanaonekana upesi. Atasafisha kwa uangalifu mkubwa sentensi ambayo alipaswa kuifuta. Anza na hoja na mpangilio. Tahajia ikaguliwe mwishoni, rasimu ikishatulia.

Nina msichana anayeandika vizuri kuliko wote, lakini kila mara anajipa 2. Nimtie moyo vipi?

Usianze na maneno ya kumtia moyo, maana hatayaamini. Mpe kazi ileile ya kutafuta. Asome kwa sauti maelezo ya kiwango cha 4, kipande kwa kipande, na kila kipande akuonyeshe kilipo kwenye insha yake au akuambie kimekosekana wapi. Kama vyote vipo, ile 2 haina msingi, na ataiona bila wewe kubishana naye. Mara nyingi mtoto wa namna hii hailinganishi kazi yake na rubriki. Anailinganisha na insha kamilifu iliyo kichwani mwake. Na uwe tayari kumsikiliza. Pengine ameona pengo ambalo rubriki yako haina neno lake, na hapo kinachopaswa kurekebishwa ni rubriki.

Wanapiga mistari vizuri na kuandika pambizoni kinachokosekana, halafu wanakusanya insha ileile bila kubadilisha kitu.

Wanakusanya lini? Kama ni mwisho wa kipindi hichohicho, umewapa muda wa kuona kasoro ukawanyima muda wa kuirekebisha. Mwaka 1989 Royce Sadler wa Australia alieleza kwamba mwanafunzi anahitaji mambo matatu: kujua kiwango kinachotakiwa, kulinganisha kazi yake na kiwango hicho, na kuchukua hatua ya kuziba pengo. Wengi wetu tunaishia kwenye la pili.

Wajikague leo, wakusanye kipindi kinachofuata. Rasimu waiandike kwa kuruka mstari mmoja, ili pawe na nafasi ya kuongeza sentensi. Siku ya kukusanya wakuletee rasimu yenye rangi pamoja na nakala ya mwisho, nawe unaposahihisha uanze na pambizo: neno hili aliloliandika, amelijibu wapi? Wakishajua kwamba hapo ndipo utakapoanza kusoma, wengi watabadilisha.

Watabaki wachache ambao hawabadilishi kwa sababu hawajui namna. Mtoto ameandika "ongeza mfano", lakini hajui mfano unatoka wapi. Rubriki haifundishi kuandika. Inaonyesha tu pasipo na kitu. Ukiona nusu ya darasa imekosa kijani, sitisha kujitathmini na ufundishe kipindi kizima cha kutafuta mifano: aliyoiona mwenyewe, aliyoisoma, aliyosimuliwa. Ukiendelea kugawa rubriki bila kufundisha hilo, wataandika "ongeza mfano" hadi mwisho wa mwaka.

Je, rubriki inafaa katika hisabati?

Inafaa kwa maelezo ya hatua: kila hatua inafuata kutoka ile iliyotangulia, vizio vimeandikwa, na mchoro una majina. Kwa jibu lenyewe, mfundishe kulirudisha kwenye mlinganyo na kuona kama pande mbili zinalingana.