Maswali na majibu: tarehe ya kliniki na dawa za presha na sukari

Mama alipewa dawa Jumanne, 3 Machi 2026: amlodipini 30, kimoja kwa siku, na metformini 60, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kadi inasema arudi 31 Machi, ila dawa zitakuwa hazijaisha. Si aende tu Jumanne inayofuata?

Asisubiri. Kama alianza vidonge hivyo asubuhi ya tarehe 4, vya mwisho atavimeza 2 Aprili. Kliniki yake ni ya Jumanne, kwa hiyo amepangiwa wiki nne, yaani siku 28, na kupewa dawa za siku 30. Hizo mbili za ziada ni za dharura. Sasa tazama kalenda: kwa Tanzania, Ijumaa Kuu ni 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6, na Jumanne tarehe 7 ni Siku ya Karume, kliniki imefungwa. Inayofuata ni tarehe 14. Atakuwa amekaa siku 11 bila kidonge, na ya 12 ni ya foleni. Ndiyo maana mwambieni ahesabu vidonge, asihesabu "mwezi".

Asubuhi ya kliniki anywe dawa au aache?

Ya presha anywe kama kawaida, kwa maji. Akiiacha, kipimo kinaweza kupanda na daktari akadhani dawa haitoshi, akaongeza dozi bure. Kama ameambiwa atapimwa sukari kabla ya kula, afunge kwa muda wa saa 8 (maji ruksa), abebe chakula, na metformini aimeze akila baada ya kupimwa. Anayetumia insulini au glibenklamidi asifunge kwa kubahatisha. Aulize mapema, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Mimi ni muuguzi, natuma ujumbe wa kukumbusha wagonjwa. Niandike nini?

Usitaje ugonjwa wala dawa. Simu nyingi ni za nyumba nzima. Saa iandike kwa maneno. Ukiandika "7:30", wako watakaofika saa saba na nusu mchana. Huu unatosha:

"Habari. Unakumbushwa kufika kituo cha afya Jumanne 31/3/2026, saa moja na nusu asubuhi. Njoo na kadi, bima kama unayo, na dawa zote zilizobaki. Ukipata udhuru, piga namba hii."

Tuma siku tatu kabla, apate muda wa kutafuta nauli, kisha jioni ya kuamkia kliniki. Dawa zilizobaki zina kazi: siku hiyo, baada ya dozi ya asubuhi, mama wa swali la kwanza angebaki na amlodipini 2 na metformini 5. Akija na amlodipini 9, ameruka siku saba, na hilo liulizwe kabla ya kubadilisha dozi.

Baba alikosa tarehe, dawa zimeisha, ila hasikii chochote. Asubiri kliniki ijayo?

Aende kesho na kadi yake, wagonjwa wa nje, aeleze dawa ziliisha lini. Presha hupanda bila kuuma popote. Asiazime vidonge vya jirani, na akipata vyake asimeze viwili kufidia. Akiwa na maumivu ya kifua, mdomo kupinda au udhaifu wa upande mmoja, awahishwe hospitali sasa hivi.