Lebo ya lipiko

"Tuna lipiko la Wamakonde kwenye onyesho letu hapa Mtwara. Lebo iseme nini bila kuwaudhi wazee?"

Ndugu, usiandike "shetani" wala "mila za kale". Lipiko bado linachezwa. Ningeandika hivi:

"Lipiko. Kinyago cha kuvaa kichwani, cha Wamakonde. Mti mwepesi, nywele za binadamu, nta. Huchezwa vijana wanapotoka jandoni. Wasiopitia jando hawaambiwi siri zake."

Sentensi ya mwisho usiifute: mgeni anajua pana mpaka, nawe hujauvuka. Anayelivaa asitajwe. Nta iandike tu kama chale za usoni zimebandikwa kwa nta. Zikiwa zimechongwa, itoe. Kabla ya kuchapa, wasomee wazee wa jando kwa sauti, na uwaulize kama lipiko lenyewe linafaa kuonwa na kila mtu.