Mlinzi Amemwona kwa Kiasi Gani? Kwa Wanaoanza Kutengeneza Gemu za Kunyemelea

Swali la kwanza ambalo wanafunzi huja nalo ni hili: nitajuaje kama mlinzi amemwona mchezaji? Ni swali la ndiyo au hapana, na hapo ndipo linapowapotosha. Ukilijibu kama lilivyo utapata mlinzi ambaye hana habari kabisa katika fremu moja, na katika fremu inayofuata anapiga king'ora. Mchezaji atakuwa ametoa bega nje ya kona kidogo tu, na atahisi ameonewa. Afadhali kuuliza hivi: hadi sasa, mlinzi huyu amemwona kwa kiasi gani?

Kwa hiyo mpe kila mlinzi namba moja, tuiite shaka, inayoanzia 0 na kuishia 1. Macho yakimpata mchezaji, namba inapanda, yakimkosa, inashuka. Ikifika kizingiti cha chini, tuseme 0.25, mlinzi anasimama na kugeuza kichwa. Ikifika 1, amemtambua. Wazo la ngazi za utambuzi si geni. Walinzi wa Thief: The Dark Project, gemu ya mwaka 1998, walikuwa tayari wanapanda kutoka utulivu hadi kushuku, kisha kutafuta, kisha kushambulia. Kinachowasumbua wanaoanza ni kasi ya kupanda kwa hiyo namba, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Sehemu ya macho ni fupi. Kwa Unity inatosha hivi:

```csharp
float KasiYaShaka(Vector3 jicho, Vector3 shabaha) {
    Vector3 kuelekea = shabaha - jicho;
    float umbali = kuelekea.magnitude;
    if (umbali > masafa) return 0f;
    if (Vector3.Angle(transform.forward, kuelekea) > pembe / 2f) return 0f;
    if (Physics.Linecast(jicho, shabaha, kuta)) return 0f;
    return (1f - umbali / masafa) * mwanga * mkao;
}
```

Mpangilio wa masharti umekusudiwa. Umbali ni hesabu nyepesi, pembe vilevile, lakini mstari wa kutafuta ukuta unailazimu injini kupekua maumbo yaliyo njiani, kwa hiyo unakuja mwisho, baada ya walinzi wengi kuwa wameshachujwa.

Angalia `pembe / 2f`. `Vector3.Angle` inapima kutoka mbele ya mlinzi kwenda upande mmoja, bila kujali ni kulia au kushoto. Ukitaka mlinzi aone nyuzi 90 kwa jumla, mpaka wako ni 45. Asiyegawanya kwa mbili anapata mlinzi wa nyuzi 180, na dalili yake ni rahisi kuitambua: wanaojaribu gemu wanalalamika kwamba wanaonekana wakiwa ubavuni kabisa. Dalili ya kinyume, mlinzi asiyeona chochote hata ukisimama mbele yake, mara nyingi inatoka kwenye `kuta`. Hicho ni kinyago, yaani orodha ya tabaka za vitu ambavyo mstari unaweza kugonga, na ikiwa kinajumuisha pia tabaka la mchezaji, mstari unagonga mwili wa mchezaji mwenyewe na msimbo unadhani ni ukuta. Weka tabaka la vizuizi peke yake. Na shabaha iwe kifua cha mchezaji. Kwa kawaida asili ya mhusika iko kwenye nyayo, na ukipima hadi nyayo, kizingiti cha mlango au kreti fupi inatosha kumficha mtu mzima aliyesimama wima.

Sasa tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Masafa ya mlinzi ni mita 20. Mchezaji yuko mita 12 mbele yake, kwenye mwanga hafifu tunaoupa 0.5, na anataka kuvuka uwazi wa mita 3 kati ya nguzo mbili. Umbali unatoa 1 − 12/20, yaani 0.4. Mkao wa kusimama tumeupa 1, wa kuinama 0.7, kwa sababu aliyeinama ni mdogo machoni. Inaonekana ni busara, sivyo?

Piga hesabu. Anayeinama anakwenda mita 1.5 kwa sekunde, kwa hiyo anakuwa wazi sekunde 2. Kasi ya shaka ni 0.4 × 0.5 × 0.7 = 0.14, na mara 2 inakuwa 0.28. Anayetembea wima anakwenda mita 3 kwa sekunde. Kasi yake ya shaka ni 0.20, na kwa sekunde 1 anafikisha 0.20. Anayekimbia mita 6 kwa sekunde anakuwa wazi nusu sekunde tu na kuishia 0.10. Kizingiti chetu ni 0.25. Maana yake aliyenyata kwa uangalifu ndiye aliyemshtua mlinzi, na aliyepita mbio amepita salama! Gemu ya kunyemelea imegeuka kuwa gemu ya kutimua mbio, na hakuna mstari hata mmoja wa msimbo wenye kosa.

Kilichosahaulika ni muda. Anayekwenda polepole anakaa machoni muda mrefu, kwa hiyo punguzo la mkao lazima lizidi kile anachopoteza kwa upole wake. Kinachopimwa ni shaka kwa kila mita anayovuka: gawanya namba ya mkao kwa mwendo. Kuinama ni 0.7/1.5, karibu 0.47. Kutembea ni 1/3, karibu 0.33. Kukimbia ni 1/6, karibu 0.17. Tunataka mfuatano uwe kinyume. Shusha kuinama hadi 0.35 na pandisha kukimbia hadi 2.5, kwa sababu kitu kinachokwenda kasi huvuta jicho. Rudia mahesabu pale pale kwenye nguzo: kunyata kunaleta 0.14, kutembea 0.20, kukimbia 0.25, na hapo mlinzi anageuka. Bila kugusa kitu kingine, ngazi ile ile ya gemu imeanza kuleta maana.

Fanya zoezi hili kwenye karatasi kila unapobadilisha mwendo wa mhusika. Mtu wa uhuishaji akiongeza kasi ya kuinama ili miguu isiteleze, shaka yako nayo inabadilika, na hakuna atakayekuambia.

Kuna kasoro nyingine ya kuzidisha namba. Mchezaji akisimama gizani, mwanga 0.05, mita moja tu mbele ya pua ya mlinzi, zao ni dogo mno na mlinzi atamkodolea macho sekunde 21 hivi kabla ya kumtambua. Weka sharti kwamba chini ya mita 2 mwanga hauhesabiwi.

Umbo lenyewe la koni pia lina kasoro. Koni ya nyuzi 90 yenye masafa ya mita 20 ina upana wa karibu mita 28 mwishoni, kwa hiyo mlinzi ananasa mtu aliye pembeni kabisa ya uwanja. Lakini karibu, mtu anayepita begani kwake hamwoni. Binadamu hatuko hivyo. Splinter Cell: Blacklist ya mwaka 2013 ilitumia umbo linalofanana na jeneza: linapanuka kutoka kwa mlinzi, kisha linarudi kuwa jembamba kadiri linavyokwenda mbali. Kwa anayeanza, koni mbili zinatosha: moja pana na fupi, nyingine nyembamba na ndefu, kila moja na kasi yake. Thief pia ilitumia koni zaidi ya moja kwa kila mlinzi.

Kuhusu kushuka kwa shaka, niseme tu kwamba isianze kushuka papo hapo. Mpe mlinzi sekunde 2 za kukumbuka, kisha ishuke polepole kuliko ilivyopanda. Bila hivyo mchezaji atachungulia na kujificha, achungulie tena, na namba itarudi sifuri kila mara.

Kelele inafanya kazi tofauti, na wengi wanaikosea kwa kuiunganisha na macho kwenye hesabu moja. Macho ni kitu kinachoendelea, kwa hiyo kasi yake inazidishwa kwa muda uliopita tangu ukaguzi uliotangulia. Kelele ni tukio: kishindo kimoja, ongezeko moja, kwisha. Ukimwongezea mlinzi shaka ya nyayo kila fremu bila kuzidisha kwa muda, kompyuta yenye fremu 120 kwa sekunde itakuwa na walinzi wenye masikio makali mara mbili ya ile yenye 60. Ukisikia mtu anasema gemu ni ngumu kwake na rahisi kwa rafiki yake, anzia kutafuta hapo. Fungamanisha kelele na wakati mguu unapogusa ardhi kwenye uhuishaji, basi.

Kila tukio lina masafa yake: hatua ya kunyata mita 1.5, ya kutembea 6, ya kukimbia 12, na sakafu ya chuma izidishe. Halafu linakuja swali la ukuta. Ukipima mstari ulionyooka, mlinzi aliye chumba cha pili, mita 4 kutoka kwako, anasikia kila hatua ya kutembea, ingawa kumfikia ni lazima upite korido ya mita 17. Pima njia ambayo sauti ingepita. Njia rahisi ni kuomba urefu wa njia kwenye ramani ile ile ambayo walinzi wanaitumia kutembea, na kuulinganisha na masafa ya kelele. Kelele yenye masafa ya mita 12 haitafika mita 17, na mchezaji ataelewa bila kuelezwa. Ila ramani hiyo haijui dirisha lililo wazi wala tundu la hewa, kwani mlinzi hapiti humo. Ngazi ya gemu ikiwa na vitu hivyo, chora mwenyewe viunganishi vya vyumba, kila mlango na dirisha na gharama yake, na mlango uliofungwa uongezwe mita kadhaa.

Jambo la mwisho la kelele ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kelele isimpe mlinzi mahali alipo mchezaji. Impe mahali sauti ilipotokea. Hifadhi nukta hiyo kwenye tukio na umtume mlinzi huko, hata kama mchezaji ameshaondoka. Na kelele peke yake isiipandishe shaka hadi 1, ikomee 0.7 hivi, mlinzi aende kukagua, macho yamalizie. Msimbo unaosoma `player.position` ndani ya sehemu ya masikio unaharibu kila hila ya kurusha jiwe, kwa sababu mlinzi ataliruka jiwe na kumfuata aliyelirusha. Utaliona kosa hili haraka ukichora duara dogo kwenye nukta ambayo kila mlinzi anaiamini, na shaka yake ikiandikwa juu ya kichwa. Duara likikufuata ukiwa nyuma ya ukuta, kuna mahali mlinzi anasoma asichopaswa kukijua.