"Kwa yeyote anayehusika" haifungui barua

*Naomba kazi kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza na simjui kwa jina atakayeipokea barua. "Kwa yeyote anayehusika" naiona kavu mno. Niandike nini?* – Msomaji, Nyakato

Andika "Ndugu Meneja," basi. Jina hulijui, lakini cheo unakijua, na barua ya kikazi ya Kiswahili husimama juu ya cheo. Upande wa kushoto weka: Meneja Rasilimali Watu, jina la kiwanda, S.L.P., MWANZA. Ruka mstari, andika "Ndugu Meneja,", kisha kichwa: YAH: MAOMBI YA KAZI YA UKAGUZI WA UBORA WA MINOFU. "Ndugu" ni wa kike na wa kiume, kwa hiyo "Bwana/Bibi" haina kazi. Wala usiandike "Yah: Kuhusu maombi", kwa kuwa Yah ni "yahusu" tayari. Kama hata cheo hukijui, uliza getini au mapokezi. Ukikosa kabisa, andika "Uongozi wa Kiwanda".

Sasa hiyo "kwa yeyote anayehusika" inanikera kwelikweli. Ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Tunasema fulani anahusika na wizi wa nyavu, anahusika na ajali. Meneja wa watu amehusika na nini? Barua ndiyo inayomhusu yeye. Na wapo wanaoharibu zaidi kwa kuandika "kwa yoyote anayehusika". Yoyote ni ya barua, nyumba, mitumbwi. Mtu ni yeyote. Mwombaji anayeanza hivyo amekwisha kujiharibia kabla hajataja elimu yake.

Hasara yake kubwa iko masjala. Karani wa masjala huangalia mambo mawili, cheo na Yah, ndipo ajue barua iingie jalada lipi na ipelekwe meza ipi. Chukua mtu wa Kirumba mwenye mgogoro wa kiwanja. Akiandika "kwa yeyote anayehusika, Halmashauri, Mwanza", barua inaweza kuishia Jiji, na Kirumba haiko huko. Iko Ilemela, yenye halmashauri yake. Aandike Mkurugenzi wa Manispaa, Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, kisha "Ndugu Mkurugenzi,". Wa Igoma au Mkolani ndiye amwandikie Mkurugenzi wa Jiji. Cheo kikikosewa, barua huzunguka wiki nzima na mwenyewe anadhani amepuuzwa.

Mahali pamoja tu naivumilia salamu hiyo: barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa, ambayo mwenyewe ataipeleka benki leo na polisi kesho. Hapo mpokeaji kweli hajulikani. Hata hapo, mtendaji aandike "Kwa yeyote inayemhusu", kisha aingie moja kwa moja kwenye jina na makazi ya anayemtambulisha.