Maswali na majibu: wataalamu 8, wanaofanya kazi 2, wanaokaa kwenye kumbukumbu wote

Kadi yangu ya michoro ina gigabaiti 16. Mixtral 8x7B inatumia vigezo bilioni 13 tu, kwa hiyo nikiibana hadi biti 4 itaingia bila shida, sivyo?

Haitaingia. Swali hili limenifikia mara nyingi mno, na kila mara kosa ni lilelile: watu wanachukua idadi ya vigezo vinavyofanya kazi wanaigeuza kuwa ukubwa wa modeli.

Mixtral, iliyotolewa na Mistral AI Desemba 2023, ina vigezo bilioni 46.7. Kila tokeni moja, yaani neno au kipande cha neno, inapita kwenye takriban bilioni 12.9 kati ya hivyo. Hiyo ya pili ni hesabu ya kazi, yaani kuzidisha na kujumlisha kunakofanyika ili tokeni moja ipatikane. Hiyo ya kwanza ndiyo hesabu ya nafasi. Kila tabaka la modeli lina mitandao midogo 8 iitwayo wataalamu, na 2 tu ndio hufanya kazi kwa tokeni moja. Mgawaji, ile sehemu ndogo inayowachagua, haamui mpaka tokeni ifike mbele yake, na tokeni inayofuata inaweza kuchagua wengine kabisa. Kwa hiyo wote 8 wa kila tabaka lazima wawe tayari wanasubiri.

Kwa biti 16, bilioni 46.7 ni gigabaiti 93. Kwa biti 4 ni zaidi kidogo ya 23, kabla hujaweka nafasi ya kumbukumbu ya mazungumzo yenyewe. Wewe una 16.

Usidhani utaokoka kwa kuwaacha wataalamu kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuwaleta kwenye kadi wanapoitwa. Kuna matabaka 32, na kila tabaka linaita wataalamu 2, hivyo tokeni moja inafanya miito 64. Mtaalamu mmoja ana vigezo milioni 176, ambavyo kwa biti 4 ni megabaiti 88 hivi. Zidisha: karibu gigabaiti 5.6 za kuhamisha kwa tokeni moja, kama hakuna aliyekuwa kwenye kadi tayari. Njia ikipitisha gigabaiti 16 kwa sekunde, theluthi nzima ya sekunde inaishia barabarani. Afadhali wale wasioenea kwenye kadi wafanyiwe hesabu na prosesa ya kompyuta palepale walipo. Kasi itapungua, lakini utakuwa unasogeza matokeo madogo badala ya mizigo.

Nane mara saba ni 56. Mbona wanasema 46.7? Hizo nyingine zimeenda wapi?

Hazikuwahi kuwapo. Modeli hii si modeli 8 za bilioni 7 zilizofungwa pamoja. Katika kila tabaka, kilichorudiwa mara 8 ni ule mtandao wa mbele tu, ndio wenye vigezo milioni 176. Sehemu ya uzingativu, inayofanya tokeni ziangaliane, ni moja kwa wote, na jedwali la maneno pia ni moja. Milioni 176 mara 8 mara matabaka 32 ni bilioni 45.1. Uzingativu unaongeza 1.3 na jedwali kama 0.3, basi umefika 46.7. Fanya hesabu hiyohiyo kwa wataalamu 2 badala ya 8 utapata 12.9.

Jina la modeli ndilo lililowapotosha wengi. Acheni kuhesabu kwa majina, fungueni faili la `config.json`. Humo mna `num_local_experts` na `num_experts_per_tok`, na hizo ndizo namba za kuanzia.

Nikiuliza swali la hesabu, ni mtaalamu yupi kati ya wale 8 anayenijibu?

Hakuna. Neno "mtaalamu" limeleta picha ya daktari, mwanasheria na mwalimu wa hesabu waliokaa mezani wakipokezana maswali, na picha hiyo si sahihi kwa mambo mawili.

Kwanza, swali lako haliendi popote likiwa zima. Uamuzi unafanyika kwa kila tokeni, tena upya katika kila tabaka. Mtaalamu namba 3 wa tabaka la 5 hana undugu wowote na namba 3 wa tabaka la 6, ni namba tu zimefanana. Jibu fupi la tokeni 100 limepitia miito 6,400, na ni kawaida wote 8 wa kila tabaka kuwa wameguswa njiani.

Pili, mgawo wenyewe haufuati mada tunazozijua. Waliounda Mixtral walichunguza maandishi ya fani mbalimbali, wakaona mgawanyo unaofanana sana kati ya biolojia, falsafa na mengineyo. Kilichojitokeza zaidi ni sura ya maandishi: neno `self` katika msimbo wa Python, au nafasi tupu za mwanzo wa mstari, zilielekea kwenda kwa mtaalamu yuleyule.

Basi naweza kufuta wataalamu nisiowahitaji ili modeli iwe ndogo?

Si kwa kubahatisha. Hesabu kwanza nani anaitwa mara ngapi kwenye maandishi yako halisi, tabaka kwa tabaka, kisha pima uharibifu baada ya kila unayemwondoa.

Nimefunza modeli yangu ndogo yenye wataalamu 8. Kosa linashuka vizuri, lakini haiipiti modeli ya kawaida yenye mtaalamu mmoja. Nimekosea wapi?

Hujaniambia tokeni zinagawanyika vipi, na hicho ndicho kitu cha kwanza kutazama. Ninashuku mgawaji wako ameelemea upande mmoja. Mwanzoni mtaalamu fulani anapata tokeni nyingi kidogo kuliko wenzake kwa bahati tu. Anajifunza zaidi, anakuwa bora kidogo, mgawaji anampendelea zaidi. Baada ya muda wawili wanafanya kila kitu, na sita wanakula kumbukumbu bure. Grafu ya kosa haitakuonyesha, maana hao wawili wanaendelea kujifunza.

Ukichagua 2 kati ya 8, mgao sawa unampa kila mtaalamu robo ya tokeni. Ukiona mmoja ana asilimia 90 na mwingine chini ya 1, umepata ugonjwa. Dawa ya siku nyingi ni kuongeza adhabu ndogo kwenye kosa la mafunzo kila mgao unapopinda. Ikizidi, mgawaji anaacha kutafuta anayefaa anabaki kusawazisha tu, na ubora unashuka. DeepSeek-V3 ya Desemba 2024, yenye vigezo bilioni 671 na 37 vinavyofanya kazi, ilitegemea zaidi njia nyingine: kila mtaalamu ana nyongeza yake kwenye alama za uchaguzi, inapunguzwa akielemewa na kuongezwa akikosa kazi. Nyongeza hiyo inaamua nani achaguliwe, lakini haigusi uzito wa jibu lake.

Nilipojaribu peke yangu ilikuwa na kasi sana. Tukiwahudumia watu 16 kwa pamoja kasi itabaki ileile?

Kwa kila mtu, itapungua, na kwa kiasi kikubwa kuliko ulivyozoea kwenye modeli ya kawaida. Ukiwa peke yako, kinachochelewesha ni kusoma vigezo kutoka kwenye kumbukumbu, na unasoma bilioni 12.9 kwa hatua. Tokeni moja ina nafasi ya robo tatu kutomgusa mtaalamu fulani. Tokeni 16 zikija pamoja, mgao ukiwa sawa, nafasi ya kutoguswa ni robo tatu ikizidishwa yenyewe mara 16, yaani asilimia 1. Sasa unasoma karibu bilioni 46.7 zote kwa kila hatua.

Kazi ya hesabu kwa kila tokeni haijaongezeka, na faida yake itaonekana tena tokeni zikifika mamia kwa hatua moja, pale hesabu inapokuwa ndiyo kizuizi badala ya usomaji. Watu 16 wako katikati, mahali pabaya zaidi. Pima kwa 1, 4, 16, 64 na 256 kwenye mashine mtakayoitumia, kabla ya kumwahidi mtu yeyote kasi uliyoiona ukiwa peke yako.